Njano ya kwapani kwenye shati jeupe: inatoka wapi, na nini kinaitoa kweli

Shati jeupe linafuliwa kila wiki. Kola inang'aa, mgongo unang'aa, lakini mwenye shati akiinua mkono kushika bomba la mwendokasi, kwapa lote ni la njano. Anayefua anaona labda hakufikicha vya kutosha, kwa hiyo safari inayofuata anaongeza sabuni, anaongeza jiki, analianika juani kutwa nzima, na njano inazidi kukolea. Nafanya kazi ya udobi hapa Sinza, na mashati ya namna hii yanaletwa dukani mwaka mzima, hasa kuanzia Desemba hadi Machi ambapo joto la Dar haliachi mtu mkavu. Mengi ya mashati hayo hayana tatizo la uchafu. Tatizo lake ni dawa ya kwapa iliyoshikamana na uzi, kisha ikafuliwa kwa vitu visivyoweza kuiachanisha.

Jasho peke yake halina rangi. Kinacholeta njano ngumu ya kwapani ni dawa za kuzuia jasho, zile za kubingirisha, za kipande na za kupuliza, ambazo kazi yake ni kuziba vitundu vya jasho. Kinachoziba ni chumvi za alumini. Zikikutana na jasho, ambalo lina protini kidogo, na mafuta ya ngozi, hufanya utando usioyeyuka kwenye maji. Dawa za kipande huongeza nta na mafuta ya silikoni juu yake. Utando huo unaingia kwenye nyuzi upande wa ndani wa shati, unapakwa mwingine juu yake kesho yake, na kadiri mafuta yanavyokaa na kupata hewa na joto la pasi, yanageuka njano.

Alumini ina tabia ya kung'ang'ania pamba. Shabu, lile jiwe jeupe ambalo wengine wetu hulilowesha na kujipaka kwapani, nalo ni chumvi ya alumini, na watia rangi vitambaa huitumia makusudi ili rangi ishike kwenye uzi isitoke. Kwa hiyo mtu aliyeacha dawa ya dukani akahamia kwenye shabu asishangae kuona njano bado ipo. Diodoranti isiyo na alumini ni jambo jingine: inazuia harufu tu, jasho linatoka kama kawaida, na haileti doa gumu.

Lipime doa kabla hujalitia maji

Geuza shati nje ndani, likiwa kavu. Bana sehemu ya kwapa kwa vidole viwili uisugue taratibu. Halafu chovya kidole kwenye maji udondoshe tone moja juu ya doa, na tone jingine mahali pasafi, kwa mfano chini karibu na pindo. Mahali pasafi tone litanyonywa upesi. Kwenye doa angalia: likisimama juu bila kuingia, hapo kuna nta na mafuta, na hakuna dawa ya kung'arisha itakayofika kwenye njano kabla utando huo haujaondoka. Likinyonywa upesi na kitambaa ni laini, shida yako ni nyingine na ni nyepesi zaidi.

Kisha muulize mwenye shati, au jiulize mwenyewe, kama limewahi kutiwa jiki. Jibu la swali hili linabadilisha hatua zote zinazofuata.

Dalili: kwapa limekakamaa, tone la maji linasimama juu

Hili ndilo doa la dawa ya kuzuia jasho lenyewe, na ndilo linalowasumbua wengi. Linahitaji mambo matatu kwa mpangilio: asidi ya kuilegeza alumini, sabuni ya kuondoa mafuta, halafu oksijeni ya kung'arisha rangi iliyobaki. Watu wengi wana vitu vyote vitatu nyumbani ila wanaanza na cha mwisho, au wanavichanganya kwenye beseni moja. Asidi na unga wa oksijeni, ambao ni wa upande wa magadi, vikikutana vinauana nguvu. Kwa sababu hiyohiyo, ile mbinu ya kumwaga siki juu ya baking soda inafoka povu la kupendeza macho na kuacha maji ya chumvi yasiyo na kazi.

Asidi inayopatikana kirahisi ni siki nyeupe. Ichanganye nusu kwa nusu na maji ya uvuguvugu, loweka kwapa lote kwa nusu saa hadi saa moja. Ninayoipenda zaidi ni asidi ya sitriki, unga mweupe wenye uchachu unaouzwa Kariakoo kwenye maduka ya malighafi za sabuni na vyakula. Haina harufu ya siki, na kijiko kimoja kikubwa kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu kinatosha. Ukikosa vyote, kamua ndimu au limau, chuja nyuzi na mbegu, tumia maji yake. Tahadhari ni moja na si ya kupuuza: kama shati limetoka kwenye jiki, lisuuze mara kadhaa kwa maji mengi kwanza. Jiki ikikutana na siki, ndimu au asidi yoyote, inatoa gesi ya klorini, na bafu zetu nyingi zina kidirisha kidogo tu.

Baada ya asidi, suuza. Sasa weka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kidogo kimoja kwa kila kwapa, upande wa ndani, kwa sababu huko ndiko dawa ilikoingilia. Sugua kwa mswaki laini kwa mwendo mfupi, kwanza kufuata uzi kisha kuukata, uache kwa dakika 20. Hapa sabuni ya mche haifai, na ninajua wengi watanikatalia kwa sababu tumekulia na mche. Mche ni sabuni ya mafuta na magadi makali. Ikikutana na alumini, au na chokaa iliyomo kwenye maji ya kisima, inageuka kuwa utando mwingine wa kunata usioyeyuka. Mitaa mingi ya Dar inatumia maji ya kisima yenye chumvi, na huko ndiko ninakopokea mashati yaliyokakamaa kupita kiasi: kila anayefua kwa bidii anaongeza tabaka. Sabuni ya unga na ya vyombo hazina shida hiyo kwa kiwango kile.

Suuza kwa maji ya moto kiasi mkono unavyovumilia, kisha rudia kipimo cha tone kwenye kitambaa kilichokamuliwa vizuri na kuachwa kikauke kidogo. Kama tone bado linasimama, rudia sabuni ya vyombo. Usiendelee mbele, kwa sababu hatua ya tatu itakuwa ni kumwaga hela.

Hatua ya tatu ni unga wa oksijeni. Kemikali yenyewe ni sodiamu pakaboneti. Ikiingia kwenye maji ya moto inaachia peroksaidi, nayo inavunja rangi ya njano bila kuharibu pamba. Vanish ya unga ni ya jamii hii, ingawa pakaboneti ni sehemu tu ya unga ule, kwa hiyo fuata kipimo cha kwenye mkebe. Ukipata pakaboneti tupu, weka kijiko kikubwa kimoja kwa lita. Kinachoamua kama itafanya kazi ni joto la maji. Kwenye maji ya bomba yaliyopoa inafanya kazi kwa uvivu sana. Chukua kikombe kimoja cha maji yanayochemka kwa vikombe viwili vya maji ya bomba. Kwa hali ya hewa ya Dar unapata takriban nyuzi 50, ambazo ndizo unazozitaka. Koroga unga uyeyuke kabisa, zamisha shati, weka sahani juu lisielee, liache kwa saa 4 hadi 6 au usiku kucha.

Utajua unga bado una nguvu kwa kuangalia maji: vipovu vidogovidogo vinapanda mfululizo dakika za mwanzo. Unga uliokaa bafuni ukashika unyevu na kufanya mabonge mara nyingi umekwisha nguvu, na maji yatatulia kimya. Mchanganyiko uliobaki umwage. Usiufungie kwenye chupa, kwa sababu unaendelea kutoa gesi na chupa inaweza kupasuka.

Kama maji yako ya kisima yanaacha rangi ya kutu kwenye ndoo, hatua hii ifanye kwa maji ya DAWASA au ya mvua. Chuma kilichomo kwenye maji kinaimaliza peroksaidi haraka, na kinaweza kuidhoofisha pamba palepale kilipotua.

Shati moja, mwanzo hadi mwisho

Kaka mmoja anayefanya kazi ya benki kule Posta alileta shati la pamba tupu, la mikono mirefu, ambalo alikuwa analivaa ndani ya koti tu ili kwapa lisionekane. Anatumia dawa ya kipande. Nyumbani lilikuwa linafuliwa kwa mche, na mwisho wa mwezi linapata jiki. Kwapa la kulia lilikuwa na njano pana, gumu, na tone la maji lilikaa juu yake kama shanga. La kushoto lilikuwa na njano yenye rangi ya kahawia katikati, na hapo uzi ulikuwa umelegea: ukilinyoosha mbele ya dirisha unaona mwanga unapita kuliko kwingine.

"Hapa kushoto jiki ilimwagwa moja kwa moja bila maji?" nikamuuliza.

"Ndiyo, dada. Nilisikia ndiyo inakuwa na nguvu."

Kwa sababu ya jiki hiyo, nilianza kwa kulisuuza shati lote kwa maji mengi mpaka harufu ikaisha. Kisha vijiko vikubwa viwili vya sitriki kwenye lita mbili za maji ya uvuguvugu, saa moja. Maji yalibaki karibu meupe na doa lilionekana vilevile. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Ila kidole kilisema habari nyingine: kitambaa kilikuwa kimeanza kulegea. Nikasuuza, nikaweka sabuni ya vyombo ndani, mswaki, dakika 20, maji ya moto. Kulia tone liliingia. Kushoto lilisimama, nikarudia sabuni upande huo tu, na bila mswaki, kwa kuwa uzi usingeuvumilia.

Usiku likaingia kwenye pakaboneti, vijiko vitatu kwa lita tatu. Asubuhi kwapa la kulia lilikuwa na kivuli hafifu, la kushoto njano imepungua kwa kiasi kikubwa lakini kahawia ya katikati ipo. Nikarudia oksijeni peke yake, maji mapya ya moto, mpaka mchana. Kisha likafuliwa lote kwa sabuni ya unga ya kawaida, likaanikwa. Sikulipiga pasi mpaka nilipolitazama kavu kwenye mwanga wa nje, maana kitambaa kibichi kinadanganya macho na pasi juu ya mabaki inayapika.

Kulia lilitoka safi kabisa. Kushoto kilibaki kivuli cha ukubwa wa sarafu mahali jiki ilipomwagwa. Nilimwambia ukweli kwamba hicho hakitoki, kwa sababu hapo tunachokiona ni uzi wenyewe uliobadilika.

Dalili: njano ilizidi baada ya jiki

Jiki, kwa maana ya dawa yoyote ya klorini, ndiyo mkono wa kwanza wa watu wengi, na kwa madoa ya chai au ukungu kwenye pamba nyeupe inafanya kazi yake. Kwa kwapa haifai. Klorini inashambuliana na protini ya jasho iliyonaswa kwenye utando, na matokeo yake ni vitu vyenye rangi ya njano vinavyokaa kwenye kitambaa. Nta na alumini haiviondoi. Kitambaa chenye nyuzi za kuvutika au nailoni kinageuka njano chenyewe kikipata klorini, hata mahali pasipo na jasho, na hiyo haina dawa.

Kuna kisa kingine kinachowachanganya watu. Mashati ya pamba yanayouzwa kwa sifa kwamba hayajikunji na hayahitaji pasi yametiwa gundi maalumu kiwandani. Gundi hiyo inaweza kuikamata klorini. Shati linatoka kwenye beseni likiwa jeupe, linakauka likiwa jeupe, na likiguswa na pasi linageuka njano mahali pote pasi ilipopita, na kitambaa kinaanza kuchanika kirahisi. Ukiona njano ya hivyo, iliyoenea mgongoni na kifuani, usilitafute kosa kwenye dawa ya kwapa.

Kama jiki imeshatumika na kitambaa bado kizima, suuza sana, kisha fuata zile hatua tatu. Sehemu ya njano itokanayo na jasho itaondoka. Itakayobaki baada ya kurudia oksijeni mara mbili ni jeraha la uzi, na kuendelea kuloweka kutalidhoofisha shati bila faida.

Dalili: njano laini, kola nayo ina njano, tone linaingia

Hayo ni mafuta ya mwili yaliyozeeka, dawa ya kwapa haihusiki sana. Hapa asidi unaweza kuiruka. Loweka kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya, ambavyo humeng'enya protini na mafuta. Kwenye pakiti huandikwa miongoni mwa viambato. Maji yawe ya uvuguvugu wa nyuzi 40 tu, saa moja au mbili, kwa sababu maji ya kuunguza yanaviua vimeng'enya. Kisha oksijeni ya usiku mmoja. Kola chafu sana ipakwe sabuni ya vyombo kwanza.

Kwa mashati ya mchanganyiko wa poliesta, ambayo ndiyo mengi ya sare za shule na za kazini, tegemea zaidi sabuni ya vyombo kuliko oksijeni. Poliesta inapenda mafuta na inayashika, na harufu inayorudi punde tu mwili unapopata joto inatokana na mafuta hayo yaliyobaki ndani pamoja na vijidudu vyake. Manukato ya kulainishia nguo yanaifunika harufu hiyo kwa saa chache na kuongeza tabaka jingine la mafuta.

Dalili: linaonekana jeupe, njano inarudi baada ya mafuo mawili matatu

Mara nyingi hapa bluu ya kufulia imetumika. Bluu haitoi kitu. Inaweka rangi ya samawati inayolifanya jicho lisione njano, nayo inatoka kwenye mafuo yanayofuata. Sina ugomvi na bluu kwenye shati lililokwisha kutakata, linapendeza kweli. Ila ukiitia juu ya doa unajinyima nafasi ya kujua kama doa limetoka.

Ukikosa unga wa oksijeni

Duka la dawa lolote lina peroksaidi ya kusafishia vidonda, ya asilimia 3. Baada ya asidi na sabuni ya vyombo, na shati likiwa limesuuzwa siki yote ikaisha, changanya vijiko viwili vya peroksaidi na kijiko kimoja cha baking soda, paka kwenye kwapa, acha saa moja na usiache ikaukie juani. Inatosha kwa doa la miezi michache. Doa la miaka linahitaji loweko refu la unga. Peroksaidi ya saluni ni kali zaidi, mara nyingi asilimia 6 au zaidi, hivyo iongezee maji na uvae glavu. Hariri na sufu usizitie kwenye pakaboneti kabisa, na shati lenye mistari ya rangi lijaribie kwanza kwenye pindo la ndani.

Doa likishatoka, njia ya kulizuia lisirudi ni kupaka dawa kidogo na kuiacha ikauke kabisa kabla ya kuvaa. Wengine hupaka usiku kabla ya kulala, wakati jasho ni dogo, na dawa inashika ngozi vizuri kuliko asubuhi ya haraka. Singlendi ndani ya shati inapokea sehemu kubwa ya mzigo. Shati likivuliwa jioni lisuuze kwapa hata kwa maji matupu kabla ya kulitupa kwenye tenga, kwa kuwa tenga la nguo kwenye unyevu wa Dar linayapika mafuta hayo wiki nzima. Na ukilipeleka kwa dobi, mgeuzie shati umwoneshe kwapa, umtajie dawa unayojipaka, na umwambie wazi kama limewahi kutiwa jiki na asilitie nyingine.